Dipoziti, rangi na sinki: mkataba wa kupanga nyumba

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Nimeambiwa nusu yenu humu ni wapangaji na nusu ni wenye nyumba, na naona mmekaa pande mbili kama harusini. Sawa. Mimi ni wakili, nafanya kazi hapa hapa Mombasa, na leo sitawasomea sheria. Nitawasimulia ugomvi mmoja, kisha tutazame karatasi gani ingeuzuia.

Mama mmoja alipanga nyumba ya vyumba viwili upande wa Bamburi. Kodi shilingi 18,000 kwa mwezi, dipoziti 18,000. Mwaka wa pili kodi ikapanda hadi 22,000, akaambiwa aongeze na dipoziti ilingane. Akampa keateka 4,000 mkononi, bila risiti. Baada ya miaka mitatu akahama, akadai dipoziti yake. Akaletewa hesabu ya fundi: rangi nyumba nzima 19,000, sinki la jikoni 6,000, kitasa 1,500. Jumla 26,500. Yaani dipoziti imeliwa yote, na bado anadaiwa!

Mkataba ulikuwapo. Kurasa mbili, umepigwa muhuri. Kuhusu dipoziti ulisema hivi tu: "itarudishwa nyumba ikiwa katika hali nzuri." Haya, nzuri kwa macho ya nani? Ukuta ambao mpangaji anauona safi, mwenye nyumba anauona umeharibika, na wote wawili wanasema kweli yao.

Tuanze na rangi. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 inasema mpangaji arudishe nyumba katika hali aliyoipokea, isipokuwa kuchakaa kwa kawaida. Hilo lipo hata mkataba ukinyamaza. Sisi wa pwani tunajua kuta zetu: chumvi na unyevu vinapanda, plasta inatoa unga mweupe, rangi inabambuka hata kama hakuna aliyeigusa. Miaka mitatu ya upepo wa bahari ni kuchakaa kwa kawaida. Misumari ishirini ya kutundikia picha, au mtoto aliyechora ukuta mzima kwa kalamu, huko si kuchakaa, ni uharibifu. Kwa hiyo mkataba utaje waziwazi. Mkikubaliana kwamba mpangaji atapaka rangi akitoka, andikeni ni vyumba vipi na rangi gani, na kama aliyekaa miezi minne atalipa sawa na aliyekaa miaka minne. Mkiona haifai alipe, andikeni kwamba rangi ni ya mwenye nyumba.

Sinki nalo lilikuwa na ufa. Mwenye nyumba alisema lilikuwa zima. Kilichomwokoa yule mama ni simu yake: siku ya kwanza alipiga picha za jikoni akamtumia dadake kwa WhatsApp kumwonyesha nyumba mpya, na ufa ulionekana pembeni mwa bomba, na tarehe ipo. Hakukusudia ushahidi, alikuwa anaringa tu. (Kicheko.) Ninyi msingoje bahati kama hiyo. Kabla ya kukabidhiana funguo, zungukeni wawili nyumba nzima na karatasi mkononi. Kila chumba: kuta, dari, madirisha, vitasa, swichi, mabomba, choo. Andikeni kinachovuja na kilichopasuka. Namba ya mita ya stima na usomaji wa mita ya maji siku hiyo. Idadi ya funguo. Wote mtie sahihi, karatasi ipachikwe nyuma ya mkataba. Ni kazi ya nusu saa, na siku ya kutoka mnazunguka tena na karatasi ile ile.

Kitasa alikivunja mwenyewe, alikiri. Hesabu basi ikawa nyepesi: 18,000 toa 1,500, akarudishiwa 16,500. Zile 4,000 za nyongeza? Mwenye nyumba alisema hazikumfikia, na keateka alikuwa ameshaacha kazi. Hatukuwa na kitu cha kumwonyesha yeyote. Kwa hiyo mkataba utaje kodi inalipwa wapi, namba ya M-Pesa au akaunti, kwa jina la nani, na useme pesa za mkononi hazihesabiki bila risiti. Hilo linamlinda mwenye nyumba pia, maana keateka anaweza kula pesa za pande zote mbili.

Kifungu cha dipoziti kiwe na mambo haya: kiasi, anayeishika, itarudishwa siku ngapi baada ya funguo kurudi, na kwamba kila kinachokatwa kitaonyeshwa kwa risiti ya fundi. Semeni pia kama mpangaji anaweza kuikalia mwezi wa mwisho badala ya kulipa kodi, au hapana. Wengi huikalia kwa sababu hawaamini wataipata, na mwenye nyumba akabaki na bili ya maji na mlango uliovunjika bila kinga.

Sasa notisi. Mkataba usipotaja muda, na kodi ni ya mwezi, sheria ile ile inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja, na iishe siku ya kulipa kodi. Watu wengi wanakosea hapo. Ukilipa kila tarehe 1, ukatoa notisi tarehe 12 Machi, haiishi 12 Aprili. Inasogea hadi 1 Mei. Kama hamtaki hesabu hiyo, andikeni yenu, na muda uwe sawa kwa pande zote mbili. Nimeona mikataba inayomdai mpangaji miezi mitatu na mwenye nyumba wiki mbili. Usitie sahihi.

Bwana mmoja kule nyuma anauliza kuhusu duka lake. Duka ni habari nyingine. Chini ya Sura ya 301 ya sheria za Kenya, inayohusu upangaji wa biashara, duka, hoteli au mkahawa uliopangwa bila maandishi, au kwa maandishi ya muda usiozidi miaka mitano, unalindwa. Mwenye jengo hawezi kukutoa kwa notisi ya mwezi mmoja hata kama uliisaini. Anahitaji notisi ya fomu maalumu, isiyopungua miezi miwili, na una haki ya kwenda kwenye baraza linaloshughulikia kodi za biashara. Wenye majengo, msinikasirikie, sikuitunga mimi.

Na jina la anayepangisha. Hapa kwetu kuna nyumba bila ardhi: nyumba ni ya mtu, kiwanja ni cha mwingine, na kodi ya ardhi inalipwa kila mwezi. Mkataba useme anayetia sahihi ni mwenye nyumba, mrithi au ajenti, na kama ni ajenti, barua ya kumpa ruhusa ibandikwe. Namba ya kitambulisho cha kila mmoja iandikwe. Nyumba ya urithi ina ndugu sita. Ukilipa mmoja, wengine watano wanaweza kukugongea mlango.

Swali la mwisho, dada wa mbele: "Wakili, na mwenye nyumba asiporudisha dipoziti hata kwa karatasi hiyo?"

Dada, mwandikie kwanza barua ya madai, mpe siku 14, weka nakala. Akinyamaza, kuna Mahakama ya Madai Madogo, ipo kwa sheria ya mwaka 2016, inashika madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na unaweza kusimama mwenyewe bila wakili. Nenda na mkataba, orodha ile ya vyumba yenye sahihi mbili, na ujumbe wa M-Pesa wa siku uliyolipa dipoziti. Usiufute ujumbe ule ukibadilisha simu.