Karatasi Mbili: Ramani ya Bidhaa na Mpango Kazi, Tulivyojifunza Kibirizi

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana.

Nimeombwa nieleze tofauti kati ya ramani ya bidhaa na mpango kazi wa mradi. Sitaanza na fasili. Nitaanza na karatasi mbili zilizobandikwa ukutani ofisini kwetu hapa Kigoma, kwa sababu tulipoteza msimu mzima kabla hatujajua ipi asomewe nani.

Tulikuwa tunatengeneza huduma ya bei za dagaa kwa simu. Akina mama wa mwalo wa Kibirizi hununua dagaa alfajiri mitumbwi inaporudi, wakaanika, wakafunga magunia, kisha wakapakia mzigo kwenda Dar. Bei ya kule walikuwa wakiisikia kwa dalali, mzigo ukiwa umeshafika na hakuna cha kufanya. Sisi tulitaka waipate mapema, kwa simu ya kitochi, bila intaneti.

Siku ya kwanza kukutana nao tulibeba mpango kazi. Ulikuwa na kazi 31, na kila kazi ilikuwa na jina la mhusika, siku ya kuanza, siku ya kumaliza, na kazi inayopaswa kuitangulia. Tukausoma wote. Mwenyekiti wa kikundi, mama mtu mzima, alisubiri tumalize ndipo akauliza: "Mwanangu, yote nimesikia. Sasa mimi bei ya Dar nitaijua kabla sijafunga gunia, au baada?"

Jibu halikuwamo katika zile kazi 31. Humo mlikuwa na "kuandaa kanzidata" na "kujaribu ujumbe". Mpango kazi unasema sisi tutafanya nini. Yeye alikuwa anauliza kwake kitabadilika nini. Swali lake tukalifanya mstari wa kwanza wa ramani yetu ya bidhaa: *Mama ajue bei ya sokoni kabla ya kufunga gunia.* Chini yake tukaandika dalili ya kwamba tumefika: mama aahirishe kupakia, au apakie zaidi, kwa sababu ya ujumbe wetu. Ramani yetu yote ilikuwa na mistari sita ya namna hiyo, imepangwa katika safu tatu: tunachofanya sasa, kinachofuata, na cha mbele. Haikuwa na tarehe.

Safu hizo zinaonyesha uhakika wetu pia. Cha sasa tumekichunguza na tumekiamua. Kinachofuata tunakiamini, ila hatujakipima. Cha mbele ni nia tu, na msomaji anapaswa kukiona hivyo.

Mpango kazi sasa unachukua mstari mmoja wa safu ya sasa na kuuliza: nani, lini, kwa kutangulia nini? Tulipoupangia ule mstari wa bei tukagundua jambo ambalo ramani isingetuonyesha kamwe. Kuandika programu yenyewe kulihitaji siku tisa. Lakini namba fupi ya kubonyeza huombwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, halafu kila mtandao wa simu una makubaliano yake na majaribio yake. Hizo ni wiki nyingi ambazo huwezi kuzifupisha kwa kukesha. Kwa hiyo kazi ya kwanza ikawa barua ya maombi, na programu ikasubiri. Anayeanza na programu kwa sababu ndiyo kazi anayoipenda atamaliza siku ya tisa, kisha atakaa akitazama ziwa.

Mpango huohuo ulitufundisha kalenda ya mwalo. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikikolea taa hazivuti samaki, mitumbwi inapumzika. Mafunzo ya akina mama tukayapanga siku hizo za mbalamwezi. Ukiyapanga siku za giza hupati mtu, wote wako mchangani wanageuza dagaa.

Wakati barua inasubiri majibu, tukawa tunatuma bei kwa mkono, ujumbe wa kawaida, kwa akina mama 20. Wiki ya pili wakatuambia bei ya Dar peke yake haiwasaidii. Wanataka kujua kitakachobaki kwa gunia baada ya nauli na ushuru. Hapo angalieni kilichobadilika: mstari wa ramani ulibaki palepale, dalili yake ilibaki palepale, lakini kazi saba za mpango zikafutwa na nyingine nne zikaingia. Timu haikuvunjika moyo, maana ilijua inakwenda wapi. Kama tungekuwa na mpango peke yake, mabadiliko yale yangeonekana ni kushindwa.

Sasa niwaeleze tulipoumia. Mfadhili wetu mmoja, ambaye sitamtaja, aliomba kuona mwelekeo wetu. Tukampelekea ramani. Afisa wake akasema haina miezi, hawezi kuipeleka kwa wakubwa. Ombi lake lilikuwa halali kabisa: yeye anatoa fedha kwa awamu na lazima ajue awamu ipi inalipia nini. Tulichopaswa kumpa ni mpango kazi wa safu ya sasa, wenye tarehe na bajeti, na ramani pembeni. Badala yake tukaweka miezi juu ya ramani yenyewe. Mstari wa safu ya mbele, *malipo ya mzigo kwa simu*, ukaandikiwa Juni.

Afisa akauhamishia kwenye taarifa yake kama ahadi. Nia yetu ikawa deni. Mwaka huo, 2024, serikali ikasimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Sisi Juni tukatoa huduma ya malipo, kwa wakati, ndani ya bajeti. Kwenye mpango kazi kila mstari ulikuwa wa kijani. Mwaloni hapakuwa na dagaa wa kulipia. Na ziwa lilipofunguliwa tukakuta akina mama wanauziana kwa mali kauli, mnunuzi hulipa akishauza, kwa hiyo malipo ya papo kwa papo hawakuyahitaji. Lile lingejulikana kwa kuwauliza siku mbili tu, kama mstari ungebaki safu ya mbele ukisubiri kuchunguzwa.

Tangu hapo, kabla karatasi haijatoka ofisini, nauliza: mstari huu ukibadilika kesho, nani atakuwa ameshatumia fedha au kutoa neno kwa kuutegemea? Kama yupo, mstari huo ni wa mpango kazi. Upewe tarehe, mhusika, na siku chache za akiba. Kama hayupo, ubaki kwenye ramani, na mwezi usiandikwe juu yake hata kwa penseli. Waandishi wa programu wao tunawapa karatasi zote mbili, kwa kuwa asiyejua gunia linafungwa saa ngapi atatuma bei saa sita mchana na ataona amemaliza kazi.

Kijana wa nyuma kule ameuliza: je, karatasi ya akina mama isiwe na tarehe hata moja? Ipo moja. Chini kabisa tunaandika siku tutakayorudi mwaloni, mbalamwezi inayofuata, kuwaonyesha kilichofanyika na kuwauliza kilichobadilika. Hiyo tunaiweka kwa sababu iko mikononi mwetu, na mwenyekiti ameiandika kwenye daftari lake la mizigo.