Elfu tatu na mia sita za Mangi

Mwenyekiti amenipa dakika kumi, na wanaonijua wameshaanza kucheka. Ndiyo, ni kisa kile kile cha mtoto na bili. Nimekitunga mwenyewe, lakini kosa lililomo si la kutunga, na nitaendelea kulisema mpaka mzazi mmoja aniambie mwanawe kajumlisha bili dukani bila kuhimizwa.

Mtoto wa darasa la sita ametumwa dukani na wekundu watatu wa Msimbazi, elfu thelathini. Mangi (na mtaani kwetu kila mwenye duka ni Mangi, hata akiwa ametokea Pemba) anapima, anabonyeza kikokotoo, anaandika kwenye kipande cha boksi. Sukari kilo mbili 6,000. Mchele kilo tatu 8,400. Mafuta ya kula lita moja 5,700. Sabuni ya mche 3,200. Majani ya chai 1,500. Anapiga mstari, chini yake anaandika 28,400, anamrudishia chenji 1,600.

Mtoto hakuondoka. Alisogea pembeni, akaanza kujumlisha kutoka chini kwenda juu. Wanafunzi wangu huona ni mbwembwe. Si mbwembwe. Ukipita njia ile ile aliyopita mwenzako utajikwaa kwenye jiwe lile lile, kwa hiyo ingia kwa mlango wa nyuma. Chai na sabuni, 4,700. Ongeza mafuta, 10,400. Mchele, 18,800. Sukari, 24,800. Zimezidi 3,600!

Hapo mtoto mwingine angepiga kelele kwamba ameibiwa, na watu wangejaa. Huyu alitazama kwanza kama kuna kitu cha 3,600 kwenye orodha, maana huenda kimehesabiwa mara mbili. Hakuna. Angekuta tofauti ni 1,000 kamili, angeshuku kosa la kubeba. Si hilo. Basi akaigawa kwa tisa, akapata 400 bila baki.

Najua mnachotaka kuuliza: Mwalimu, hiyo tisa ni uganga? Hapana. Chukueni 48, mgeuze iwe 84. Nane imepanda kutoka mamoja kwenda makumi, ilikuwa 8 sasa ni 80, imeongezeka 72. Nne imeshuka, ilikuwa 40 sasa ni 4, imepungua 36. Toa, inabaki 36, yaani tisa mara nne, na nne ndiyo tofauti ya 8 na 4. Jaribuni tarakimu zozote mbili zinazokaa jirani, mkizigeuza tofauti itagawanyika kwa tisa. Jaribuni usiku huu, badala ya kuangalia tamthilia.

Sasa rudini kwenye ile 400. Mia zinamwambia mtoto kwamba kosa liko kwenye maelfu na mamia. Nne inamwambia tarakimu zilizogeuzwa zinapishana kwa nne. Tazameni 24,800: maelfu 4, mamia 8. Mangi aliandika 28,400. Kikokotoo kilisema kweli, mkono ndio uliopotoka wakati wa kunakili. Na hilo liwajibu wanaoniambia kila mwaka kwamba siku hizi kuna simu, hesabu ya kichwa ya nini. Hapa mashine ilikuwepo!

Haithibitishi nia, hilo nakubali. Mtu anaweza kugeuza tarakimu kwa makusudi. Lakini mtoto alirudi na jambo la kuonyesha, si tuhuma. Alisema, "Shikamoo, Mangi. Naomba ubonyeze tena, nadhani nne na nane zimepishana." Mangi akabonyeza, akatazama kioo, akatazama boksi, akatazama kioo tena. Juu ya kichwa chake pamebandikwa karatasi: mali bila daftari hupotea bila habari. Akafungua droo.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi haraka haraka: kujumlisha upya hakukamati kila kitu. Kama Mangi angeandika mafuta 7,500 badala ya 5,700, jumla ingetoka sawa kabisa na ingekuwa ya uongo kabisa. Kila mstari ulinganishwe na bei uliyotajiwa, kabla hujaanza kujumlisha. Na mizani... mizani nilikuwa na mengi, hasa ile sahani inayopimiwa ikiwa na mfuko ndani. Niulizeni kwenye maswali.

Mtoto alifika nyumbani na 5,200 mkononi. Mama yake, akiwa na sufuria tupu jikoni, alimuuliza jambo moja tu: "Ulikuwa wapi muda wote huu?"