Mshale Namba 4: alama moja iliyokula kipindi kizima

REHEMA: Haya, tumerudi. Leo tumepanga mambo matatu: mchoro wa mzunguko wa nitrojeni, mchoro wa kaboni, halafu maelezo ya athari za binadamu. Musa ameshika karatasi yangu na haachii.

MUSA: Siachii, dada Rehema, mpaka uwaambie wasikilizaji ulichofanya juzi.

REHEMA: Nilisahihisha mtihani wa majaribio, basi. Mchoro wa nitrojeni wenye mishale minne isiyo na majina, maagizo yanasema "jaza jina la mchakato katika kila mshale". Mshale namba 1 unatoka kwenye nitrojeni ya hewani kwenda kwenye vifundo vya mizizi ya mikunde. Namba 2 unatoka kwenye amoniamu, unapitia nitriti, unafika kwenye nitrati. Namba 3 unatoka kwenye nitrati kurudi hewani. Namba 4 nao unatoka hewani, unapita kwenye kiwanda, unaishia kwenye mbolea ya amonia inayoingia udongoni.

MUSA: Na mwanafunzi mmoja akajaza "ufungaji wa nitrojeni" kwenye namba 1, na akajaza hivyo hivyo kwenye namba 4.

REHEMA: Nikampa alama ya namba 1, ya namba 4 nikamnyima. Jibu lilikuwa mchakato wa Haber, ule wa kutengeneza amonia kiwandani.

MUSA: Hapo ndipo nilipokwama. Lakini tuanze na namba 3, maana umesema nusu ya darasa walianguka hapo.

REHEMA: Waliandika "nitrifikesheni", kwa sababu waliona neno nitrati wakakimbilia jina linalofanana nalo. Usisome kisanduku kimoja, soma mkia wa mshale na kichwa chake. Gesi ya nitrojeni, yaani N2, ikiwa mkiani, huo ni ufungaji. N2 ikiwa kichwani, ni denitrifikesheni. Isipokuwepo popote, na mshale unatoka kwenye amoniamu kwenda kwenye nitrati, hiyo ndiyo nitrifikesheni.

MUSA: Na oksijeni nayo inasaidia kutofautisha.

REHEMA: Sana. Nitrosomonas wanageuza amoniamu kuwa nitriti, Nitrobacter wanageuza nitriti kuwa nitrati, na wote wanahitaji oksijeni. Wanaofanya denitrifikesheni, kama baadhi ya Pseudomonas, wanaifanya pale oksijeni ilipoadimika. Wanatumia nitrati badala yake. Kwa hiyo mchoro ukionyesha udongo uliojaa maji pembeni ya mshale, umeshapewa jibu.

MUSA: Sasa namba 4. Ufungaji maana yake nini?

REHEMA: Najua unakonipeleka.

MUSA: Ni kuchukua N2, ambayo mmea hauwezi kuitumia kwa sababu atomi zake mbili zimeshikana kwa vifungo vitatu, na kuifanya kiwanja ambacho mmea unaweza kukitumia. Bakteria wa vifundoni anafanya hivyo kwa kimeng'enya chake, kwenye joto la kawaida la udongo. Mkemia Haber alifanya jambo hilohilo maabara mwaka 1909, na mwenzake Bosch akalipeleka kiwandani. Mwaka 1913 kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kikaanza kazi. Joto la nyuzi 400 hadi 500, kanieneo kubwa mno, kichocheo cha chuma. Njia ni tofauti, tendo ni lilelile. Mtoto ameelewa tendo!

REHEMA: Ameelewa, sikatai. Lakini mishale hii miwili imechorwa mbalimbali kwa sababu. Namba 4 inauliza mkono wa binadamu umeingilia wapi. Ukijaza neno moja kote, umefuta mkono huo kwenye mchoro. Na swali linalofuata linasema "eleza athari za binadamu". Atazieleza akitokea wapi?

MUSA: Maagizo yalisema jina la mchakato. Hayakusema taja binadamu.

REHEMA: Kiwanda kimechorwa hapo, Musa. Kina bomba la moshi.

MUSA: Bomba! Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Moshi ule ni wa nini? Nikakaa na kalamu. Kutengeneza amonia unahitaji nitrojeni na haidrojeni: N2 + 3H2 → 2NH3. Nitrojeni wanaitoa hewani. Haidrojeni je?

REHEMA: Viwanda vingi wanaitoa kwenye gesi asilia.

MUSA: Methani na mvuke wa maji. Ukijumlisha hatua zote unapata CH4 + 2H2O → CO2 + 4H2. Tukokotoe pamoja. Gramu 34 za amonia zinataka gramu 6 za haidrojeni. Kwa hiyo tani 1 ya amonia inataka kilo 176 hivi.

REHEMA: Na kila gramu 8 za haidrojeni kutoka kwenye methani zinaacha gramu 44 za kaboni dioksidi. Zidisha 176 kwa 5.5...

MUSA: Kilo 970 hivi! Karibu tani moja ya kaboni dioksidi kwa kila tani ya amonia, kabla hujahesabu gesi inayochomwa kupata joto. Mshale namba 4 wa mchoro wa nitrojeni ni mshale wa mchoro wa kaboni pia: unatoka kwenye visukuku unakwenda hewani.

REHEMA: Hapo nakubali kabisa, na ni jambo ambalo michoro hulificha kwa kuweka mizunguko kwenye kurasa mbili. Ila kuna viwanda vinavyochukua sehemu ya kaboni dioksidi hiyo na kutengenezea mbolea ya yurea.

MUSA: Ambayo ikifika shambani inavunjwa na kimeng'enya cha yurease, na kaboni dioksidi inatoka tena. Imecheleweshwa tu.

REHEMA: Sawa. Na shambani hadithi inaendelea. Amoniamu ina chaji chanya, chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, kwa hiyo inashikwa. Bakteria wakishaigeuza kuwa nitrati, chaji inakuwa hasi, na mvua inaichukua mpaka mtoni. Mwani unashamiri, unakufa, bakteria wanaouozesha wanamaliza oksijeni, samaki wanakufa. Hilo ndilo jibu la "athari" ninalotaka kuona, hatua kwa hatua. Ukiandika "mbolea inachafua maji" nakupa alama moja tu.

MUSA: Na ile inayobaki kwenye udongo wenye maji mengi inapita mshale namba 3, na njiani sehemu yake inatoka kama N2O kabla ya kufika kuwa N2. Kilo moja ya gesi hiyo inapasha joto dunia kama mara 270 ya kilo moja ya kaboni dioksidi, ukipima kwa miaka 100.

REHEMA: Unaona sasa? Yote haya yanaanzia kwenye kiwanda. Aliyeandika "ufungaji" amekiruka.

MUSA: Aliyeandika "ufungaji" amesema kweli tupu! Huwezi kumnyima alama mtu kwa kusema kweli.

REHEMA: Kweli isiyojibu swali.

MUSA: Angeandika "ufungaji wa kiwandani"?

REHEMA: Ningempa. Neno hilo la pili ndilo lililokuwa na alama.

MUSA: Basi kosa ni la maagizo, na alama ni yake.

REHEMA: Nimeonyeshwa hapa kwamba tumebakiwa na dakika moja. Mchoro wa kaboni hatujaugusa. Usanisinuru, upumuaji, uozaji, yote tumeyaacha.

MUSA: Tumegusa bomba.

REHEMA: Msikilizaji, chukua mchoro wa kaboni, utafute mshale unaotoka kwenye visukuku, na kando yake uandike "na amonia". Wiki ijayo tunaanzia hapo. Musa, nirudishie karatasi yangu.

MUSA: Utamrudishia alama yake?

REHEMA: Hapana.

MUSA: Basi nabaki nayo mpaka wiki ijayo.