Jiwe la chokaa lina chokaa kiasi gani?

Walimu wenzangu na wanafunzi, hamjambo. Nimekuja na jiwe. Limetoka pwani, ni jiwe la matumbawe la aina ile ile wazee waliyochoma kwa magogo kupata chokaa ya kujengea. Ndani yake mna kalsiamu kaboneti, na humo humo mna mchanga na udongo. Swali langu la leo ni moja: katika kila gramu 100 za jiwe hili, kalsiamu kaboneti yenyewe ni gramu ngapi?

Kuichambua kwa mkono hatuwezi, kwa hiyo tutaiuliza kwa njia ya mzunguko. Tunaipa asidi hidrokloriki. Mchanga hauijali asidi, lakini kaboneti inatoa gesi:

CaCO3 + 2HCl → CaCl2 + H2O + CO2

Gramu 100 za kaboneti safi hutoa gramu 44 za kaboni dayoksaidi. Basi tukijua gesi iliyotoka, tunarudi nyuma hadi kwenye kaboneti iliyoitoa.

Jana nilisaga jiwe, nikaukausha unga wake, nikapima gramu 2.00. Chupa, asidi na unga, vyote pamoja kabla ya kuchanganywa, vilikuwa gramu 148.36. Nikamwaga unga kidogo kidogo, na mdomoni mwa chupa nikaweka pamba ili matone yasirukie nje pamoja na povu. Povu lilipoisha nilitikisa, nikangoja, nikapima tena na tena mpaka mzani ukaacha kushuka. Ulisimama kwenye 147.59. Kilichopungua ni gramu 0.77, na hiyo ndiyo gesi.

Gawanya 0.77 kwa 44, zidisha kwa 100, unapata gramu 1.75 za kaboneti. Katika gramu 2.00 za jiwe, hiyo ni asilimia 87.5. Hesabu imeisha. Angalieni kwamba tumegawanya kwa masi ya jiwe zima. Wapo wanaogawanya gesi iliyopatikana kwa gesi waliyoitarajia, wakidhani jiwe lote ni kaboneti. Jibu linatoka lile lile, lakini wao huliita asilimia ya mazao. Mazao hukuambia mmenyuko umefika wapi. Usafi unachukulia kwamba mmenyuko umefika mwisho, na ndiyo maana nilitumia asidi ya kuzidi.

Sasa mtego. Mwanafunzi mmoja aliniambia, mwalimu, kwa nini tusiunguze jiwe na kupima chokaa inayobaki? Wazo zuri. Tuseme tumepata moto wa kutosha, kama nyuzi 900, ukatoa gesi yote. Kinachobaki chomboni ni gramu 1.23. Akachukua 1.23, akaigawanya kwa 56 ya oksaidi ya kalsiamu, akazidisha kwa 100, akapata kaboneti gramu 2.20 ndani ya jiwe la gramu 2.00! Asilimia 110. Mzani haukukosea. Ule mchanga, gramu 0.25, haukwenda popote. Umekaa chomboni na kupimwa kama chokaa. Kwa hiyo pima zao lililojitenga na uchafu. Hapa ni gesi.

Lakini gesi nayo ina ujanja wake. Kaboni dayoksaidi huyeyuka katika maji, na katika joto la kawaida lita moja hubeba kama gramu 1.5. Asidi yangu ilikuwa mililita 50, basi ingeweza kuficha karibu gramu 0.07. Ukipoteza hizo, unasoma 0.70 badala ya 0.77, na usafi unashuka hadi kama asilimia 80. Kwa makosa ya mwanafunzi hiyo ni nyingi mno. Dawa ni rahisi: kabla ya kupima chochote, nilitia chembe ya marumaru katika asidi na kuiacha iishe, ili maji yashibe gesi mapema.

Kuna jambo moja ambalo mzani huu hauwezi kulijua. Magnesiamu kaboneti nayo hutoa gesi, tena nyingi zaidi kwa uzito ule ule, maana gramu 84 zake hutoa zile zile 44. Jiwe lenye magnesiamu litaonekana safi kuliko lilivyo. Kwa hiyo usiumwage mchanga uliobaki katika asidi. Uchuje, uoshe, ukaushe, uupime. Mimi nilipata 0.25, na 1.75 ukijumlisha na 0.25 ni 2.00. Wewe ukijumlisha ukapata 2.08, shuku magnesiamu, au matone yaliyoruka nje. Ukipata 1.90, gesi imebaki majini, au unga wako haukukauka.