Nani alishika rodimapu? Tunaisoma sivii ya prodakti meneja mstari kwa mstari

KAKA: Karibuni tena jamani. Leo tuna karatasi mbili mezani, moja ni tangazo la kazi ya prodakti meneja na nyingine ni sivii ya mtu anayeiomba. Zote nimezitunga mwenyewe kutokana na zile nilizosoma miaka yote hii, kwa hiyo hakuna mtu halisi tunayemuanika hapa. Dada, nilikutumia jana, umezionaje?

DADA: Nimezisoma kaka, na cha kwanza nilichofanya niliiweka sivii pembeni kabisa nikabaki na tangazo, maana ukianza na sivii unajikuta ushampenda mtu au ushamchoka kabla hujajua unatafuta nini. Tangazo lina mambo matatu ya uzito. Atashika rodimapu ya usajili wa wateja wapya, yaani mpango wa nini kitengenezwe na kipi kitangulie, ataongea na watumiaji mara kwa mara, na atapitisha maamuzi kwenye timu zisizoripoti kwake, yaani wahandisi, dizaini, mauzo na watu wa kuzuia udanganyifu. Yale mengine ya digrii na miaka 4 ya uzoefu unayapitia haraka tu.

KAKA: Hapo kwenye kushika rodimapu naomba tukae kidogo. Kuna matangazo yanaandika "utamiliki rodimapu" kwa herufi nene afu ukishuka chini unakuta "utahakikisha vipaumbele vya uongozi vinatekelezwa kwa wakati", sasa hiyo ni kazi nyingine, hapo vipaumbele vimeshapangwa na mtu mwingine na wewe unafuatilia tarehe. Si kazi mbaya ila inataka mtu tofauti. Mi huwa namuuliza meneja anayeajiri swali moja tu, robo mwaka iliyopita nani aliamua kitu gani kiondolewe kwenye rodimapu? Akisema mkurugenzi, basi najua tangazo limezidisha.

DADA: Hili letu liko sawa, lina mstari unasema "utachagua matatizo ya kushughulikia ndani ya lengo la kuongeza wanaomaliza usajili". Lengo anapewa, matatizo anachagua yeye. Kwa hiyo kabla sijagusa sivii nikajiandikia alama zangu, 0 hadi 3 kwa kila jambo. 0 hakuna kitu, 1 neno limetajwa tu, 2 kuna kitendo ninachoweza kukiona, 3 kuna kitendo na uamuzi uliobadilika kwa sababu yake na kilichotokea baadaye. Na nilikuomba na wewe uweke zako bila kuona zangu.

KAKA: Niliweka. Haya tuanze, kazi yake ya sasa, mstari wa juu kabisa: "Nilisimamia rodimapu ya apu ya simu, tukatoa vipengele 14 ndani ya mwaka mmoja."

DADA: Nimempa 1.

KAKA: Hata mimi 1. Na najua msikilizaji atashangaa, 14 si kidogo, lakini hiyo namba inanionyesha kasi ya timu nzima, hainionyeshi nani alichagua. Unaweza kutoa vipengele 14 ulivyoletewa vyote na mauzo.

DADA: Hili limeniuma mwenyewe kaka. Sehemu moja niliyofanya kazi nilimpitisha mtu kwa mstari unaofanana na huu, kwenye usaili akaongea vizuri kweli kuhusu matoleo, tukamchukua. Mwezi wa pili nikaona kila Jumatatu anasubiri aambiwe wiki hii tunafanya nini. Alikuwa mchapakazi na aliandika ukweli mtupu, sisi ndo tulisoma "nilisimamia" tukasikia "niliamua". Mpaka leo nikiona hesabu ya vipengele naenda kutafuta kitu kimoja, kuna kitu chochote alichokikataa? Maana anayefuatilia tu hana ruhusa ya kukata, anayekata ndo kaishika.

KAKA: Na ndo maana nikakwambia usiishie ukurasa wa kwanza. Shuka kazi yake ya nyuma, mstari wa mwisho kabisa, karibu unapotea.

DADA: Ngoja niusome. "Niliahirisha usajili kupitia mitandao ya kijamii ulioombwa na mauzo, baada ya kuona wengi wanakwama kwenye picha ya kitambulisho. Nikakubaliana na timu ya udanganyifu tujaribu ukaguzi mpya kwa 10% ya wateja wapya kwa wiki 3, na kwamba tutausimamisha endapo akaunti bandia zitaongezeka." Kaka, huu mstari ungekuwa juu kabisa!

KAKA: Ungekuwa juu, lakini watu wengi wanaandika sivii zao kwa kuanza na kinachosikika kikubwa, na kazi yenyewe inabaki chini. Hapa tulitofautiana, wewe rodimapu umempa 3, mimi 2.

DADA: Nimempa 3 kwa sababu kila kitu kipo, kuna kilichoahirishwa, kuna kilichoingia mahali pake, na sababu imeandikwa.

KAKA: Sababu ipo, matokeo ndo yananisumbua. Mstari unaofuata anasema "kukamilisha usajili kulipanda kwa 18%". Kutoka wapi kwenda wapi? Kama ilikuwa 50% ya wanaoanza ikafika 59%, hiyo ni pointi 9, na ukiigawa kwa 50 unapata 18%, sawa ni kweli. Lakini kama ni pointi 18, kutoka 50 hadi 68, hilo ni jambo lingine kabisa. Zote mbili mtu anaziandika "18%". Afu alijaribu kwa 10% tu ya wateja wapya kwa wiki 3, sasa hilo ongezeko ni la kundi la majaribio au la kila mtu baada ya kufungua kwa wote? Kama ni la wote, inawezekana kipindi hicho hicho tangazo fulani lilisimama, watu waliokuwa wanaingia kwa kubahatisha wakapungua na asilimia ikapanda yenyewe.

DADA: Hapo umenibadilisha, nakubali 2. Ila nisikilize, simpi 2 kwa sababu namshuku, nampa kwa sababu karatasi haijaniambia. Sivii ina mistari michache, na kuna kampuni haziruhusu kutoa namba zao nje. Pengo kwenye karatasi ni swali la kumuuliza, si kosa la kumhukumu nalo.

KAKA: Kabisa. Haya utafiti wa watumiaji, anasema "Nilifanya mahojiano 40 na watumiaji na kuwasilisha ripoti kwa uongozi".

DADA: 1, na nimeisoma mara nyingi nikitafuta pa kumuongezea. 40 na nani? Waliomaliza usajili au walioacha njiani? Ukiwahoji waliomaliza tu watakwambia usajili ni rahisi, kwa nini wasiseme hivyo na wao walipita! Shida iko kwa walioacha, na hao ndo wagumu kuwapata. Afu mwisho wa safari ni ripoti, baada ya ripoti hakuna kitu.

KAKA: Mi ningefurahi zaidi na mtu aliyeandika hivi: "Niliongea na watu 9 walioacha kwenye hatua ya kitambulisho, 6 walipiga picha zaidi ya mara tatu bila kuambiwa kosa ni nini, tukaweka ujumbe unaosema picha ina kivuli au imekatika." Watu 9 tu, lakini unauona mnyororo wote kuanzia mtu hadi kwenye skrini.

DADA: Kuna mtu atauliza, watu 9 wanatosha kweli?

KAKA: Inategemea unatafuta nini. Jakob Nielsen, mtaalamu wa utumiaji wa tovuti na programu, aliandika mwaka 2000 kwamba kujaribu na watu 5 kunatosha kufichua matatizo mengi ya utumiaji, lakini alikuwa anaongelea kugundua tatizo lipo, si kupima linawakuta wangapi. Kwa hiyo 9 wanakwambia kwamba picha inakataa bila maelezo, afu ili ujue ni wateja wangapi yanawakuta unaenda kwenye takwimu za apu. Prodakti meneja aliyezoea utafiti anaviunganisha hivyo viwili, na hata kwenye mstari mmoja wa sivii unamuona.

DADA: Na angalia pia alikuwa wapi. Kwenye kampuni yenye watafiti wao, prodakti meneja anaweza asifanye mahojiano hata moja lakini akawa ndo aliyeleta swali na akabadilisha mpango kwa majibu, huyo nampa alama zake kamili. Kwenye timu ya watu 6 bila mtafiti, namtarajia aongee na watumiaji mwenyewe. Mstari ule ule, uzito tofauti.

KAKA: Ushawishi sasa. Kazi ya sasa kaandika "nilishirikiana kwa karibu na timu zaidi ya 6".

DADA: Hiyo 1, maana kila mtu anashirikiana. Lakini ule mstari wa chini umembeba, nimempa 3, na hapa kaka sirudi nyuma. Tazama, kuna pande mbili zinazotaka vitu tofauti na anazitaja zote. Mauzo walitaka chao kikaahirishwa. Watu wa udanganyifu hofu yao inajulikana, ukilegeza ukaguzi akaunti bandia zinaingia, na wao ndo watakaoulizwa. Hakusema "niliwashawishi", alisema waliwekeana masharti, 10%, wiki 3, na kwamba inasimama ikienda vibaya. Yaani alichukua hofu yao akaiweka ndani ya mpango. Mtu ambaye hakuwepo kwenye kikao hicho hawezi kuandika hayo masharti.

KAKA: Nimempa 3 pia, sina ubishi.

DADA: Kitu kingine kidogo, yeye anachanganya "nili" na "tuli". Kuna wasomaji wakiona "tulitoa" wanasema huyu hakufanya kitu. Mi naona ni ukweli tu, vipengele hutolewa na timu. Naangalia kwenye maamuzi, je hapo kuna "nili"? Ameandika niliahirisha, nikakubaliana. Inatosha.

KAKA: Kwa hiyo tuna rodimapu 2, utafiti 1, ushawishi 3. Ukijumlisha unapata 6 kati ya 9, lakini mi sipendi jumla hapa maana inaficha ile 1, na tangazo limesema ataongea na watumiaji mara kwa mara.

DADA: Ningemuita. Ile 1 inaweza kuwa uandishi mbaya, maana alijuaje watu wanakwama kwenye picha? Ama aliona kwenye takwimu peke yake, ama aliongea nao na hakuandika. Kwa hiyo usaili usianze na "tuambie kuhusu wewe", uende hapo hapo.

KAKA: Swali lako la kwanza ungeliwekaje?

DADA: "Umeandika wengi walikwama kwenye picha ya kitambulisho. Nisimulie mtu mmoja aliyekwama, alikwambia nini, na ulibadilisha nini baada ya kumsikia." Afu nanyamaza namsubiri.