Tarehe Unayoiandika Ni Ahadi: Kumjibu Mkaguzi wa Bima ya Moto

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za asubuhi. Mmeniomba nizungumze nanyi wenye karakana za samani kuhusu barua moja tu: ile ya kuijibu kampuni ya bima baada ya mkaguzi wake kupita na kuacha mapendekezo. Mimi ni dalali wa bima, na barua hizo hupita mezani kwangu kila mara. Nyingi zimeandikwa kwa nia njema kabisa, lakini zinamweka mwenye mali pabaya kuliko angekaa kimya.

Tuanze na mkaguzi anamwandikia nani. Ripoti ile haiandikwi kwa ajili yako, ingawa nakala unapewa. Inakwenda kwa afisa wa kampuni anayeamua masharti: akubali kukukinga na moto, aongeze ada, apandishe kiasi cha hasara utakachobeba mwenyewe, au aondoe kabisa kinga ya moto unaotokana na umeme. Mara nyingi anaamua hivi: bima iendelee, lakini vizima moto viwekwe ndani ya siku 30 na wayaringi irekebishwe ndani ya siku 60. Kisha anasubiri jibu lako. Ukiandika tarehe, anaichukua tarehe hiyo na kuiingiza kwenye nyongeza ya mkataba. Tangu hapo ni sharti. Moto ukitokea siku moja baada ya tarehe hiyo na kazi haijafanyika, mtathmini wa hasara atakuja na nyongeza ile mkononi, na ndipo mazungumzo ya fidia yatakapoanzia.

Kwa hiyo tarehe isiandikwe ya kumridhisha afisa. Itoke kwenye kazi yenyewe: vifaa vinapatikana lini, fundi yupo lini, mashine zinaweza kuzimwa lini.

Nichukue mfano wa karakana ya kawaida kama zenu: randa, misumeno miwili, chumba cha kupulizia vanishi, stoo ya mbao na ofisi ndogo. Ripoti imefika tarehe 3 Machi, na kampuni inataka jibu ndani ya siku 14. Mkaguzi ameandika mambo mawili makubwa. La kwanza, vizima moto viwili vilivyopo havifai, viwekwe sita vya unga vya kilo 9 ndani ya siku 30. La pili, "wayaringi yote ibadilishwe", nayo siku 30.

Vizima moto ni rahisi, lakini viangaliwe kwa makini. Kwenye mtungi wa unga, mshale wa geji ukiwa kwenye nyekundu, hakuna ubishi. Tatizo ni pale ulipo kwenye kijani na mwenye mali akaridhika. Unga unaweza kuwa umegandamana chini ya mtungi kwa miaka ya kusimama bila huduma, na siku ya moto itatoka hewa tu. Ndiyo maana mkaguzi anaangalia kwanza kibandiko cha huduma, ana haja ya tarehe na jina la aliyehudumia. Mtungi wa kaboni daioksidi, ule wa pembe nyeusi mdomoni, hauna geji kabisa. Hujulikana kwa kupimwa uzito tu. Ukikuta fundi "ameuhudumia" bila mizani, hajauhudumia.

Hapa pia mna haki ya kujenga hoja. Mkaguzi wetu ameandika unga kila mahali. Unga unazima mwali haraka, lakini haupozi mbao. Rundo la mbao linaweza kuwaka tena dakika chache baadaye. Tena ule mkupuo unarusha vumbi la mbao hewani penye moto, jambo ambalo hakuna anayelitaka. Kwa stoo ya mbao, mtungi wa maji au wa povu wa lita 9 unafaa zaidi, mradi usielekezwe kwenye umeme ulio hai. Karibu na bodi ya umeme, kaboni daioksidi. Kwenye vanishi, povu au unga. Basi mjibu hivyo, na sababu zenu. Maafisa wengi hukubali pendekezo mbadala likiwa na maelezo ya kiufundi. Wanachokataa ni kubadilisha kimyakimya, mkaguzi akarudi akakuta kitu tofauti na kilichoandikwa.

Na jambo dogo linalowaponza wengi: mkipeleka mitungi yenu kujazwa, karakana inabaki tupu kwa siku kadhaa. Mwambieni anayejaza awaachie ya kuazima, na muiandike kwenye barua.

Sasa umeme. Hapa ndipo barua nyingi zinapoharibikia, kwa sababu mtu anatoa tarehe ya kumaliza kazi ambayo hajui ukubwa wake. "Wayaringi yote ibadilishwe" ni maneno ya mkaguzi aliyetembea saa mbili na kuona viungo vya utepe darini na bodi iliyojaa vumbi la mbao. Hakupima. Jibu la kwanza kwa pendekezo hilo ni tarehe ya kupima; tarehe ya kumaliza inafuata baada ya matokeo.

Tafuteni fundi mwenye leseni ya EWURA, azime umeme, achomoe mashine na vifaa vya elektroniki, kisha apime kila sakiti kwa kile kifaa mafundi wanachokiita mega, kwa volti 500. Anataka kuona kihami cha waya kinazuia umeme usivuje. Megaohmu 1 ndicho kiwango cha chini kinachokubalika. Wayaringi nzima na kavu hutoa zaidi ya hapo kwa mbali. Kwenye karakana yetu ya mfano, sakiti nne kati ya saba ni nzima. Sakiti namba 4, ya taa za chumba cha vanishi, imetoa 0.2. Hiyo haisubiri barua. Inazimwa siku ileile, breka inafungwa isiwashwe, na kibandiko kinawekwa.

Sakiti namba 2, ya randa, ina ugonjwa mwingine, na nyie mnaujua. Waya ni wa milimita za mraba 2.5, unaokwenda moja kwa moja bila kurudi kwenye bodi, ambao kwa kawaida hulindwa na breka ya ampea 20. Mmekuta 32. Kwa nini? Kwa sababu randa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa nukta chache, breka ya 20 ikawa inakatika kila asubuhi, fundi akaweka kubwa. Breka haikatiki tena. Sasa waya ndio unaobeba joto lile, ndani ya dari lenye vumbi la mbao. Ukifungua bodi utaona dalili: plastiki kwenye skrubu imegeuka kahawia, na kuna harufu ya kuungua isiyoisha. Tiba ni kurudisha breka ya 20 ya aina C, inayovumilia mshtuko wa kuanzia, au kuipa randa sakiti yake ya waya mnene zaidi ikiwa mzigo wake wa kudumu unadai hivyo. Fundi apige hesabu kwa kibati cha mota, asikisie.

Sakiti namba 6, ya soketi za ofisi na stoo, ndiyo yenye viungo vya utepe. Hiyo inavutwa upya ndani ya mabomba.

Kwa hiyo "wayaringi yote" imekuwa sakiti tatu, na sasa mna haki ya kutoa tarehe. Mashine hazizimwi siku za kazi, hivyo kazi itafanyika Jumapili. Fundi anasema Jumapili nne. Ongezeni muda wa kununua waya na Jumapili mbili za dharura. Mkaguzi alitaka tarehe 2 Aprili. Hesabu yenu ya kweli inatoa 10 Mei. Andikeni 10 Mei. Wengi huogopa hapa, wanaona afisa atakasirika. Uzoefu wangu ni kwamba afisa hasumbuliwi sana na tarehe ya mbali ikiwa hatari kubwa imeshazimwa leo. Kinachomsumbua ni siku zile za katikati zisizo na ulinzi wowote.

Aya ya umeme kwenye barua yenu inaweza kusomeka hivi:

"Pendekezo la 2: Tunalikubali kwa marekebisho. Sakiti zote saba zimepimwa tarehe 12 Machi. Taarifa ya fundi imeambatanishwa. Sakiti namba 4 imezimwa na kufungwa tangu tarehe hiyo na haitawashwa hadi ipimwe upya. Breka ya sakiti namba 2 imerudishwa ampea 20 aina C tarehe 14 Machi, picha imeambatanishwa. Sakiti namba 4 na 6 zitavutwa upya na kupimwa ifikapo tarehe 10 Mei. Hadi hapo, meni swichi itazimwa kila siku kazi inapokwisha, isipokuwa taa ya mlinzi yenye sakiti yake. Tunaomba tarehe 10 Mei ikubaliwe kwa maandishi."

Angalieni sentensi ya meni swichi. Hiyo nayo ni ahadi, tena ya kila siku. Msiiandike kama mnajua kijana wa zamu atasahau. Ikiandikwa, kuwe na daftari mlangoni, saa na sahihi. Vivyo hivyo ukiandika kwamba vizima moto vitakaguliwa kila mwezi. Nimeona barua zenye ahadi za kupendeza ambazo hakuna mtu karakanani aliyewahi kuambiwa.

Maneno kama "tumeanza utekelezaji" au "suala linashughulikiwa" yaacheni. Afisa hawezi kuyaingiza popote, atayahesabu kuwa hujajibu. Na risiti ya dukani haitoshi kuwa ushahidi: inaonyesha umenunua, haionyeshi mtungi umetundikwa wapi. Pelekeni picha ya kila mtungi ukutani, kibandiko kinasomeka, na njia ya kuufikia haina mbao.

Wengine mtaniuliza kuhusu cheti cha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Kiambatanisheni, kinasaidia. Lakini ukaguzi wa Jeshi ni wa sheria ya nchi, na sharti la bima ni la mkataba wenu. Kimoja hakifuti kingine.

Mkiona tarehe haitafikiwa, labda waya umechelewa bandarini au fundi ameugua, andikeni kabla haijafika. Semeni kilichokamilika, kilichobaki, sababu, tarehe mpya, na ulinzi gani unaendelea. Ombi linalofika tarehe 3 Mei husomwa kama taarifa. La tarehe 12 Mei husomwa kama ungamo la kuvunja sharti. Na kimya cha kampuni msikihesabu kuwa ridhaa. Pigeni simu, kisha ombeni barua pepe yenye jibu.

Kazi ikikwisha, msiishie kutuma picha. Ombeni nyongeza ya mkataba inayosema sharti limetimizwa na limeondolewa. Nimekuta mikataba iliyohuishwa mara mbili ikiwa bado imebeba sharti la wayaringi iliyokwisha kurekebishwa, kwa kuwa hakuna aliyeomba lifutwe na karani alinakili tu ya mwaka uliopita. Mnapopokea mkataba mpya, fungueni kwanza kurasa za nyongeza, msome moja moja, kabla ya kulipa ada.