Kakakuona na lupu ya kurudi: mhadhara uliotolewa Mbeya

Shikamooni wazee, mambo vijana. Mliokaa mlangoni sogeeni mbele, baridi hii ya Juni haina adabu.

Leo ni jedwali la mianzo, lile la kutafuta neno ndani ya maandishi. Jedwali lenyewe mnalijua, na kwamba Knuth, Morris na Pratt walichapisha makala yao mwaka 1977 pia mnajua, maana mtihani hupenda kuuliza hilo. Mtihani hauulizi kitu kinachowakesha vijana hadi saa nane usiku, nacho ni mistari miwili ya lupu ya ndani. Nimeyasema haya mara nyingi kiasi kwamba wenzangu hapa mbele wameanza kutabasamu. Tabasamuni tu.

Huu hapa msimbo:

```python
def mianzo(p):
    f = [0] * len(p)
    k = 0
    for i in range(1, len(p)):
        while k > 0 and p[i] != p[k]:
            k = f[k-1]
        if p[i] == p[k]:
            k += 1
        f[i] = k
    return f
```

Kila `f[i]` inajibu swali moja: katika kipande cha ruwaza, yaani neno tunalolitafuta, kinachoishia nafasi ya `i`, ni herufi ngapi za mwisho zinazofanana na herufi za mwanzo wa ruwaza? Tunataka idadi kubwa kuliko zote, ila kipande kizima hakihesabiwi.

Tuchukue neno letu wenyewe, kakakuona. Nafasi ya 0 ni k, ya 1 ni a, ya 2 ni k, ya 3 ni a, ya 4 ni k. Tukifika hapo tuna `0 0 1 2 3`, kwa sababu "kakak" inaanza na "kak" na inaishia na "kak". Hadi hapo hakuna aliyewahi kukosea. Sasa inakuja u, nafasi ya 5, na `k` ni 3. Tunauliza: je, u ni sawa na `p[3]`? `p[3]` ni a. Hapana. Turudi.

Turudi wapi? Tulikuwa tumeshika "kak", herufi tatu. Tunataka kipande kifupi zaidi ambacho bado ni mwanzo wa ruwaza na bado kinaishia pale pale tulipo. Jibu limeshaandikwa kwenye jedwali, kwenye nafasi ya herufi ya mwisho ya "kak", yaani nafasi ya 2. Ndiyo maana ni `f[k-1]`: `k` ni idadi, na herufi ya mwisho ya idadi hiyo imekaa kwenye `k-1`. `f[2]` ni 1, basi tumebaki na "k" moja. Je, u ni sawa na `p[1]`? Hiyo ni a tena. Turudi tena: `f[0]` ni 0. Je, u ni sawa na `p[0]`? Hapana. Andika 0. Tumerudi mara mbili kwa herufi moja, na jedwali zima linakuwa `0 0 1 2 3 0 0 0 0`.

Sasa kijana mmoja ameandika `if` mahali pa `while`. Anasema, "Mwalimu, si nimerudi?" Umerudi mara moja, ukaachia njiani. `k` imetoka 3 ikawa 1, u haikufanana na `p[1]`, na bado ukaandika `f[5] = 1`. Maana yake umetangaza kwamba "kakaku" inaishia na herufi k! Inaishia na u, hata mtoto wa chekechea anaona.

Na ubaya wake ni kwamba programu haivunjiki. Ukitafuta "kakakuona" ndani ya "kakakuona" inakupa jibu sahihi, unakwenda kulala kwa amani. Ipe maandishi haya: `kakakuakakuona`. Neno letu halimo humo, hesabuni wenyewe. Programu mbovu inalinganisha "kakaku" vizuri, inakutana na a ilipotarajia o, inarudi kwenye 1 ile ya uongo, inaona a inafanana na `p[1]`, kisha inatelezea hadi mwisho: k, a, k, u, o, n, a. Inakuambia kwa kujiamini kwamba neno limepatikana nafasi ya 5. Nafasi ya 5 ya maandishi yale ni u. Imekupa "uakakuona".

Kwa hiyo, kabla ya kunitumia picha ya skrini usiku, weka mstari huu mara tu baada ya `f[i] = k`:

```python
assert p[:k] == p[i-k+1:i+1]
```

Kwenye kakakuona mbovu utakwama hapo hapo `i` ikiwa 5. Upande mmoja utaona "k", upande wa pili "u". Hakuna haja ya kubahatisha.

Kuna anayewaza huko nyuma: lupu ndani ya lupu, mbona inasemwa ni muda wa mstari, yaani unaokua sambamba na urefu wa ruwaza? Mtu hawezi kushuka mlima Loleza hatua nyingi kuliko alizopanda. `k` inapanda hatua moja tu, tena si zaidi ya mara moja kwa kila `i`, na kila mzunguko wa `while` unaishusha angalau hatua moja. Kushuka kote, tangu mwanzo hadi mwisho wa ruwaza, hakuwezi kuzidi kupanda kote. Anayebadilisha `while` kuwa `if` "ili iwe haraka" hajaokoa chochote.

Na wewe unayesema Python ina `find`, itumie, nani kakukataza? Lakini maandishi yakikujia herufi moja moja kupitia waya, huwezi kuyarudia yaliyopita. Njia hii hairudi nyuma kwenye maandishi kamwe, inarudi kwenye ruwaza tu.

Naonyeshwa saa. Haya, haraka haraka.

Kosa la pili ni kuandika `f[k]` badala ya `f[k-1]`. Kakakuona haitalifichua: `k` itashuka 3, 2, 1, 0 na jedwali litatoka sahihi kabisa. Jaribu "mmmh". Kwenye h, `k` ni 2, na `f[2]` nayo ni 2, basi itazunguka hapo hadi uchomoe laptopu. Tena "mmmh" hiyo hiyo inamkamata na yule wa `if`, maana atapata 1 kwenye h.

La tatu ni kusahau `k > 0`. Java itakupigia kelele, lakini Python inachukua `f[-1]` kuwa nafasi ya mwisho ya orodha, ambayo bado ni 0, na inazunguka milele kimya kimya. Programu ikikwama `i` ikiwa 1, anza kuangalia hapo.

Ile `assert` inamkamata aliyedai zaidi ya haki yake, haimkamati aliyedai pungufu. Kwa huyo, andika toleo la kijinga linalojaribu kila urefu, kisha linganisha majibu kwa mifuatano yote ya a na b yenye urefu wa 1 hadi 8. Ni 510 tu, inakwisha kabla hujashika kikombe cha chai.

Na kwenye utafutaji wenyewe, ukishapata neno zima, fanya `k = f[k-1]` kabla ya kusoma herufi inayofuata. Usipofanya hivyo utaomba `p[9]` kwenye neno lenye herufi tisa. Jedwali la pili, lile linaloruka hatua zisizo na faida, leo sitaligusa. Maswali?